Jumanne Niliyoandika Sudo

Mjukuu wangu alivunjika mkono wa kulia mwezi wa sita, pikipiki ya boda ilipoteleza kwenye tope pale tunapoingilia plot yetu, upande wa Huruma. Kompyuta yake ndogo ilikuwa begani, na yeye aliiangukia. Daktari alimfunga plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, akamwambia akae nayo wiki sita. Mjukuu wangu alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha marehemu babu yake, akaangalia ile plasta kama mtu anayeangalia mgeni asiyemkaribisha.

Kazi yake ni kuandika programu. Wakati huo alikuwa anaandika moja ya chama cha wafugaji, huko juu karibu na Burnt Forest: mkulima akileta maziwa asubuhi, karani anaingiza kwenye simu, na mkulima anapata ujumbe kwamba maziwa yamepokelewa ama yamekataliwa, na kwa nini. Chama kiliwapa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo kamati nzima ingekaa, wazee kwa akina mama, waone ikifanya kazi mbele yao. Ikikubali, inachukuliwa. Ikikataa, wanaita watu wengine, na walikuwa wamesema wazi watu hao wengine ni kina nani.

Hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenzake, msichana aliyesoma naye chuo kule Kesses. Huyo ndiye aliyejua watu wa chama, kwa sababu mama yake hupeleka maziwa hapo. Bila yeye hata mlangoni wasingefika. Familia yake ilitoka mkoa wa Kati zamani, kabla yeye hajazaliwa, wakanunua shamba kule juu. Alikuwa anakuja kwetu siku tatu kwa wiki, ananiita Shosho, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Mjukuu wangu huniita Gogo, nyanya kwa lugha yetu. Nilikuwa naitikia yote mawili.

Kwa vile kompyuta ndogo ilikufa, walinunua moja kubwa iliyokwisha tumika, wakaiweka kwenye meza ya sebuleni, mahali nilikuwa naweka redio. Wote wawili waliitumia, kwa jina moja na neno moja la siri. Na siku ambazo mwenzake hakuja, mkono wa mjukuu wangu ulikuwa mimi.

Shule niliachia darasa la nne. Lakini herufi nazijua, na macho yangu bado ni mazuri kwa miwani. Mjukuu wangu alikuwa anakaa kando yangu, anasema, "Gogo, andika g, i, t, nafasi, halafu s, t, a, t, u, s." Mimi natafuta herufi kwa kidole kimoja, nabonyeza. Wiki ya kwanza alikuwa anapumua kwa nguvu kama ng'ombe anayezaa. Wiki ya tatu alikuwa anataja neno zima, na mimi naliandika.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kuna kitu kinaitwa Git, na kwamba kazi yake ni kutunza kila hatua ya kazi yao. Ukiongeza kitu unamwambia apokee, halafu unamwambia aweke, halafu anapeleka nakala mbali, nje ya hii nyumba. Ukiharibu leo unaweza kurudi kwa kazi ya jana. Nilipenda hiyo. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba watu wangekuwa na hiyo, nyumba nyingi zingepona.

Nikajifunza pia neno sudo. Mara nyingine mashine inakataa. Inaandika Permission denied, maana yake huna ruhusa. Mjukuu wangu anasema, "Weka sudo mbele." Naweka sudo, inaniuliza neno la siri, naliandika bila kuona herufi zikitokea, na kile ilichokataa inafanya. Aliniambia kwamba ndani ya kila mashine kuna mkubwa, anaitwa root, na hakuna mlango asioweza kuufungua. Sudo ni kusema kwa sauti ya huyo mkubwa. Tuliitumia kuweka programu mpya, tukaitumia kuwasha ile kazi yao wakati ilikuwa inajaribiwa. Hakuniambia mahali haitumiki. Mimi pia sikuuliza.

Sasa nifike kwa Jumanne.

Jumanne hiyo mjukuu wangu alikuwa na zamu ya kliniki, mkono upigwe picha tena. Alitoka asubuhi na mapema kwa sababu foleni ya pale inajulikana. Mwenzake alikuwa amekuja, wakaachana mlangoni. Mjukuu wangu alimwachia karatasi kwenye meza: amalize kuingiza picha za vituo vya maziwa, zile ambazo karani ataziona kwenye simu, halafu azihifadhi. Alikuwa amemwandikia na mistari yenyewe, mitatu, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Saa sita hivi simu ya huyo msichana ililia. Ilikuwa ni mama yake, ng'ombe anazaa na ndama amekaa vibaya, na hakuna mtu nyumbani. Aliinuka haraka. Nilimfungia maandazi kwenye karatasi, akatoka. Picha zilikuwa zimeingia, nilimwona akizimalizia. Lakini ile mistari mitatu hakuiandika.

Niliosha vyombo. Nikaanua nguo, kwa sababu wingu lilikuwa linatoka upande wa Kaptagat. Kila nikipita sebuleni naiona ile karatasi mezani, na mimi ni mtu nisiyeweza kupita kazi iliyoachwa nusu. Nililelewa hivyo na nimelea wengine hivyo. Nilikaa, nikavaa miwani, nikaandika mstari wa kwanza jinsi ulivyokuwa, na nukta yake mwishoni.

Ikakataa. Permission denied.

Kulikuwa na faili moja ilitajwa hapo, ya ripoti. Mimi hilo sikulitilia maanani. Nilichoona ni lile neno nililolizoea, na dawa yake nilikuwa naijua. Nikaandika upya: sudo, nafasi, git, nafasi, add, nafasi, nukta. Ikaniuliza neno la siri. Nikaliandika. Ikakaa kidogo, ikapokea kila kitu bila kusema neno. Mstari wa pili na wa tatu ilikubali hivyo hivyo, bila hata kuambiwa sudo. Niliinuka pale nikiwa nimejisikia mtu. Mjukuu wangu aliporudi jioni aliangalia skrini akasema, "Ah, amemaliza zote." Nikanyamaza. Nilikuwa nimejiwekea furaha yangu kidogo, na sikuona shida.

Kesho yake, Jumatano, mashine ilikataa kazi ya mjukuu wangu kwa mara ya kwanza.

Ilisema kwamba hana ruhusa ya kuongeza kitu kwenye hazina ya Git, kwenye folda inaitwa objects. Alikunja uso. Aliniambia nirudie, nikarudia, ikakubali. Akasema labda ni mashine kuzeeka. Baada ya chai tukaweka kingine, ikakataa, tukarudia, ikakataa. Alibadilisha mstari mmoja kwenye faili, si mstari wa maana, tukajaribu tena, ikakubali.

Mimi ningependa kitu kikivunjika kivunjike. Paa likivuja linavuja, unajua pa kuweka sufuria. Hiki kilikuwa kinavuja hapa leo na pale kesho, na katikati kinakuwa kizima kabisa, mpaka unaanza kujishuku mwenyewe. Nje watu wa jua kali walikuwa wanagonga mabati kama kila siku. Ndani mjukuu wangu alikuwa ananitajia mistari ile ile tena na tena.

Alhamisi mwenzake alikuja, macho mekundu, ndama alikuwa ameponea chupuchupu. Kufikia saa nne mashine ilikuwa inakataa zaidi ya kukubali. Kazi ya siku mbili ilikuwa imekaa nje ya hazina, haijawekwa wala haijapelekwa mbali, na kesho ilikuwa Ijumaa. Hata walipotaka kuvuta kazi ambayo mwenzake aliifanyia kwao kwa kompyuta ya kuazima, iliyokuwa tayari imehifadhiwa huko nje, ilikuja mpaka mlangoni ikakatazwa kuingia.

Siku hiyo ni mwenzake aliyekuwa kwenye kibodi. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe kwenye kochi.

"Wacha niweke sudo tumalizane," akasema. "Hii tutaichunguza baada ya kesho."

Mjukuu wangu alimshika mkono kwa ule wake mzima. "Usiweke. Usiweke sudo kwa Git, hata siku moja. Ukiandika kama root, kila folda Git atakayoifungua ndani ya objects itakuwa ni ya root. Sisi hatutaweza kuweka kitu hapo tena. Halafu utaweka sudo nyingine kwa sababu ya hiyo, na hiyo itaacha zingine."

Maharagwe niliyokuwa nayo kiganjani niliyarudisha kwenye sinia, mabaya na mazuri pamoja.

Kisha akamwachia mkono, kama mtu aliyesikia alichosema mwenyewe. Akamwambia mwenzake aorodheshe yaliyo ndani ya objects, pamoja na wenyewe. Kutoka kochini niliona safu ndefu ikishuka. Folda ndogo ndogo, majina ya herufi mbili ama tarakimu na herufi, na kando ya kila moja jina la mwenyewe. Jina la mjukuu wangu, jina lake, jina lake, root. Jina lake, root, root. Zilikuwa zimesambaa humo kama madoa kwenye jani la kiazi kabla shamba zima halijaungua.

Alimweleza mwenzake, na mimi nikasikia, kwa nini ilikuwa inakubali na kukataa. Kila kitu kinachowekwa humo kinapewa jina refu linalotokana na kilichomo ndani yake, na herufi mbili za kwanza ndizo zinasema kinaingia folda gani. Kikiangukia folda ambayo ni yetu, kinaingia. Kikiangukia ya root, kinakataliwa. Ukibadilisha hata nukta moja, ama hata saa ya kuweka ikibadilika, jina linakuwa lingine, kinaenda folda nyingine. Haikuwa ugonjwa wa mashine. Ilikuwa ni mtu.

"Kuna mtu alifanya hii," akasema, na kidole chake kilikuwa kwenye skrini. "Zote za root ni Jumanne. Zote ni saa nane na dakika arobaini."

Mwenzake alisoma. "Jumanne sikuwa hapa saa nane."

"Ulikuwa hapa. Nilikuacha hapa."

"Nilitoka saa sita, mama alinipigia. Ile karatasi yako sikuifanya hata, nilisahau. Nilirudi leo nikapata imefanywa, nikajua ni wewe ulimalizia jioni."

"Mimi nilikuta zimeingia nikajua ni wewe." Mjukuu wangu aliongea polepole, na hiyo kwetu ni mbaya kuliko kelele. "Watu wenye neno la siri ni wawili. Mimi nilikuwa natolewa picha ya mkono. Kwa hivyo ni nani, hiki kiti?"

Hakuna aliyenihesabu. Nilikuwa nimekaa pale, mikono kwenye sinia, mwanamke mzee wa maharagwe, na hakuna hata mmoja aliyenihesabu. Nataka niseme ukweli hapa kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika: nilifurahia kutohesabiwa.

"Si ungesema tu," mjukuu wangu akaendelea. "Ulikuwa na haraka, ikakataa, ukaweka sudo. Mtu yeyote anaweza. Kurekebisha ni mstari mmoja. Lakini unaniangalia usoni ukisema hukuwa hapa. Kesho nikikaa na wewe mbele ya kamati, nitajuaje kingine ulichofanya kama root na hukusema?"

"Muulize Shosho," mwenzake akasema. "Shosho ndiye alinifungia maandazi. Muulize nilitoka saa ngapi."

Wakageuka wote wawili.

Nilikuwa baridi kabisa. Niliona kazi ya wiki zote hizo, na plasta, na kiti cha mzee wangu, na niliona mjukuu wangu akijua kwamba ni mkono aliouamini ndio ulioharibu. Nikasema, "Sikuangalia saa."

Ni maneno mawili tu, na si uongo. Saa ya ukutani kweli sikuiangalia. Lakini nilijua ni kabla ya chakula cha mchana, nilijua jua lilikuwa wapi, na nilijua nilikuwa peke yangu nyumbani wakati wingu lilipotoka Kaptagat.

Huyo msichana aliniangalia kidogo tu. Hakusema, Shosho, kwani umesahau. Aliniangalia kama mtu ambaye tayari alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo, tangu zamani, kabla hata ya kuja kwetu. Akachukua begi lake, akaanza kukunja waya wa kuchajia simu, taratibu, akiuzungusha kwenye vidole.

"Basi kesho uende peke yako," akasema. "Uwaambie kamati mimi ni mgonjwa ama uwaambie unachotaka."

Sisi watu wa huku tuna mwaka mmoja, ule wa vurugu za baada ya kura, ambao hatuuongelei mbele ya watoto. Wakati ule tulikuwa tunaishi karibu na Burnt Forest penyewe. Jirani yangu, mama wa kutoka Kati aliyekuwa ananiazima jembe, aliulizwa mbele yangu kama mume wake alilala nyumbani usiku fulani. Akasema alilala. Wale waliomuuliza wakanigeukia mimi, kwa vile mlango wangu ulikuwa unatazamana na wao. Nilikuwa nimemwona yule mume akifunga kuku wake jioni na akiwafungulia alfajiri. Nikasema sikuangalia. Sitaandika kilichofuata, walioishi huku wanajua, na ambao hawakuishi hawatapungukiwa. Nasema tu kwamba maneno yaliyonitoka Alhamisi hiyo yalikuwa yale yale, hata sauti ilikuwa ile ile, na nikayatambua yakiwa tayari yamefika mlangoni pamoja na yule msichana.

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Wewe, kaa," nikamwambia. Sauti ilitoka kali, mimi ndivyo naongea. "Ni mimi."

Mjukuu wangu alidhani simaanishi. "Gogo, tafadhali, si wakati wa—"

"Nasema ni mimi. Jumanne. Huyu alitoka kabla ya chakula. Niliona karatasi yako haijafanywa nikaifanya. Mstari wa kwanza ulikataa. Kuna faili ya ripoti ilitajwa. Nikaweka sudo, vile huwa unaniambia. Mistari miwili mingine sikuiwekea."

Wale wa mabati nadhani walikuwa wameenda kula.

Mjukuu wangu hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aligeukia mashine akaitafuta ile faili ya ripoti, nayo mwenyewe wake alikuwa root, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuisoma. Ikawa wazi yote. Wiki iliyotangulia waliwasha kazi yao kwa sudo wakiijaribu, na kazi ikaandika ripoti kwa jina la mkubwa. Kwa hivyo Git alipoambiwa na mimi apokee kila kitu, aliikuta hiyo, akashindwa kuisoma, akakataa. Kosa la kwanza lilikuwa la wao wawili. La pili lilikuwa langu. Mjukuu wangu alilisema hivyo hivyo, la kwanza na la pili, bila kumwangalia mtu.

"Na la tatu, Gogo?" akauliza.

Nilijua la tatu ni lipi. "La tatu ni la sasa hivi," nikasema. "La kusema sikuangalia saa."

Yule mwenzake alikuwa bado amesimama na kiatu kimoja. Nilimwomba msamaha. Mtu wa umri wangu kwetu haombi msamaha kwa mtoto akiwa amesimama, na mimi nilisimama nikauomba. Aliitikia kwa kichwa.

Nilisogea kwenye kiti cha kibodi kwa mazoea, nirekebishe nilichoharibu. Mjukuu wangu akaweka ile plasta katikati, kati yangu na meza. "Hapana," akasema. Akakaa mwenyewe, akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, kama mimi wiki ya kwanza.

Aliandika sudo tena. Nilishangaa, na nadhani ilionekana, kwa sababu alisema bila kugeuka kwamba kitu cha root hakiwezi kutolewa mikononi mwa root ila na root mwenyewe. Sudo ya kubadilisha mwenyewe ni halali. Ya Git ndiyo hapana. Akaandika chown, amri ya kubadilisha mwenyewe, akaweka ile alama ya kuingia folda zote mpaka chini kabisa, akaandika jina lake, nukta mbili, jina la kundi lake. Ikabaki mwisho, mahali pa kusema ni folda gani.

Hapo kidole chake kiliteleza. Kuandika kwa mkono usio wako kunachosha. Kwenye kibodi hiyo, nukta na mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, vimekaa jirani. Alitaka nukta na git, na kidole kikaangukia mkwaju, na nafasi ikafuata. Alikuwa amekwisha peleka kidole gumba upande wa kitufe cha kukubali.

"Simama," mwenzake akasema.

Alikuwa ametoka mlangoni bila mtu kumsikia, soksi moja sakafuni. Alinyoosha kidole kwenye skrini bila kuigusa. Mjukuu wangu aliangalia. Akaondoa mkono kwenye kibodi. Baadaye niliuliza ni nini, wakanieleza: huo mkwaju peke yake ni mashine nzima. Amri hiyo ingepita kila faili ya hiyo mashine, hata za root zilizopaswa kuwa za root, izipe jina la mjukuu wangu. Hata hiyo sudo yenyewe ingekufa, na hakungekuwa na sauti ya mkubwa ya kuita tena. Hakuna Ijumaa ambayo ingetokea baada ya hapo.

Mjukuu wangu aliinuka akampisha kiti. Mwenzake akakaa. Akafuta mkwaju, akafuta nafasi, akaandika nukta na git, akausoma mstari wote kwa sauti kutoka mwanzo, na mjukuu wangu akaufuatisha kwa macho, kisha akasema, "Haya." Akabonyeza.

Ilichukua muda wa kukohoa tu. Siku mbili ilitutaabisha, na kuiondoa ni muda wa mtu kukohoa. Wakaandika mstari mwingine wa kutafuta chochote humo ndani ambacho bado ni cha root. Mashine haikutaja kitu. Wakafanya vivyo hivyo kwa ile ripoti, halafu wakamwambia Git aisahau, asiipokee tena siku nyingine. Wakamwambia Git akague hazina yake yote aone kama kuna kilichovunjika, akakagua, hakupata. Kisha mwenzake akaweka kazi ya siku mbili, mara moja, ikaingia. Akavuta ile iliyokuwa nje, ikaingia. Hakuna aliyeshangilia. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, nikainuka kuondoa sinia chini ya mahali panapovuja.

Ijumaa walienda wote wawili, mmoja na mkono kwenye kitambaa, mwingine amebeba kompyuta ya kuazima. Kamati ilikaa. Mzee mmoja alitaka kujua kama mashine inaweza kutambua maziwa yaliyotiwa maji, mama mmoja akamwambia mashine ikiweza hiyo yeye atakuwa wa kwanza kufungwa. Nilihadithiwa tu, sikuwapo. Chama kiliichukua kazi, na mpaka leo wakulima wa kule juu wanapata ujumbe asubuhi.

Nyumbani neno la siri lilibadilishwa Jumamosi. Sikuambiwa, niliona tu mjukuu wangu akiliandika akiwa amenipa mgongo. Siku ambazo mwenzake hakuja, alikaa mwenyewe na kidole chake cha kushoto mpaka plasta ikatolewa, na mimi nikarudi kwenye kochi. Akihitaji kusomewa karatasi ananiita. Kibodi hataki niiguse. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo kwa mtu mwingine, na kwa muda mrefu zaidi.

Yule msichana bado anakuja. Chai yangu anakunywa, maandazi anakula, bado ananiita Shosho, na akicheka anacheka kweli, naweza kusikia. Lakini tangu Alhamisi ile, anapotaka kuondoka anafunga begi, anavaa viatu vyote viwili, halafu anasimama mlangoni mpaka niinue kichwa.

"Shosho, ni saa tisa na robo," anasema. "Natoka."

Naangalia saa ya ukutani. Naisoma kwa sauti, saa tisa na robo, ili asikie kwamba nimeangalia. Ndipo anaenda.